Tochi, hotspoti na Usinisumbue hazionekani ukivuta mara moja: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Lalamiko la kawaida huja hivi. Umeme umekatika, mtu yuko gizani, anashusha kidole kutoka juu ya skrini. Anakutana na Bluetooth na kitufe cha kuzungusha skrini ambacho hajakigusa tangu anunue simu. Tochi haipo. Anavuta mara ya pili, anasogeza ukurasa, ndipo anaipata. Wengi huamini simu ina hitilafu, na mara nyingi hitilafu hakuna. Simu imepangwa na kiwanda kwa mtu mwingine kabisa.

Maelezo haya ni ya simu za Android. Paneli hapa ni ile sehemu inayoshuka kutoka juu ikiwa na vitufe, na kigae ni kitufe kimoja kimoja. Hilo la kigae ni neno ambalo simu yenyewe hulitumia ikiwekwa Kiswahili. Kwenye simu ya Kiswahili vigae vyetu vitatu vimeandikwa Tochi, Mtandaopepe na Usinisumbue. Kwenye ya Kiingereza ni Flashlight au Torch, Hotspot, na Do Not Disturb. Mtaani husikii mtu akisema "niwashie mtandaopepe", kwa hiyo tutasema hotspoti, ila kwenye menyu ya Kiswahili usilitafute neno hilo, hutaliona.

Dalili ya 1: Vigae vipo, lakini lazima uvute mara mbili au usogeze ukurasa

Sababu inayoongoza ni mpangilio. Ukivuta mara moja, simu haikuonyeshi paneli nzima. Inachukua vigae vya mwanzo tu kwenye orodha. Simu nyingi za Android 12 na kuendelea zenye mfumo ulio karibu na ule wa Google huonyesha 4 vipana. Za Android 11 kurudi nyuma huonyesha 6 vya duara. Samsung nyingi huonyesha 5 au 6. Usikariri namba hizi. Vuta mara moja kwenye simu yako na uhesabu, maana hiyo ndiyo idadi ya nafasi ulizonazo.

Kosa linalorudiwa sana ni mtu kuisogeza tochi mpaka ukurasa wa kwanza, akaridhika. Ukurasa wa kwanza unaweza kuwa na vigae 8, na mvuto mmoja ukaonyesha 4 vya kwanza peke yake. Tochi ikiwa ya 5, iko ukurasa wa kwanza na bado hutaiona mpaka uvute tena.

Tuchukue mfano wa karani wa Dodoma anayefanya kazi Mtumba na kukaa mtaa wa Kisasa, mwenye simu ya Android 13 yenye menyu ya Kiingereza. Paneli yake imepangwa hivi: Internet, Bluetooth, Airplane mode, Auto-rotate, kisha Flashlight, Do Not Disturb, Battery Saver na Cast. Hotspot haionekani popote. Anachotaka ni kuvuta mara moja na kukuta tochi, hotspoti, Usinisumbue na intaneti. Afanye hivi:

1. Avute kutoka juu kwa vidole viwili kwa pamoja. Paneli nzima inashuka bila kuvuta mara mbili.
2. Aguse alama ya penseli, iliyo chini ya vigae.
3. Abonyeze Flashlight na kushikilia kama sekunde moja mpaka kigae kijiinue, kisha akiburute hadi nafasi ya kwanza, juu kushoto. Vile vinne vilivyokuwa mbele yake vinasogea nafasi moja nyuma.
4. Ashuke chini kwenye maneno "Hold and drag to add tiles". Hapo ndipo vilipo vigae visivyotumika, na Hotspot iko humo. Aishikilie na kuiburuta juu hadi nafasi ya pili. Akifika ukingoni mwa skrini asiachie kidole, ukurasa utapanda wenyewe.
5. Achukue Do Not Disturb, aiweke nafasi ya tatu.
6. Aguse mshale wa kurudi. Kwenye simu za namna hii hakuna kitufe cha kuhifadhi, mpangilio unashika papo hapo.

Internet hakuigusa kabisa, lakini sasa ni ya 4, kwa sababu vigae vitatu vimeingia mbele yake. Bluetooth na wenzake wamesukumwa hadi kwenye mvuto wa pili. Ndiyo maana inafaa kuanza na nafasi ya kwanza na kwenda mbele. Ukianza na nafasi ya tatu, kila kigae kitakachoingia mbele yake kitaisogeza, na utajikuta unapanga upya.

Kwenye Samsung hatua ni zile zile, ila penseli iko juu kulia, na kwenye matoleo ya zamani unapitia nukta tatu kisha "Edit buttons". Mwishoni lazima uguse "Done". Ukitoka kwa kitufe cha nyumbani bila hiyo Done, unaweza kukuta hakuna kilichobadilika.

Tahadhari mbili hapo kwenye kuhariri. Ukiburuta kigae chini ya mstari kimeondolewa, hakijapotea, kirudishe tu. Na usiguse "Reset", kwa Kiswahili "Weka upya", ukidhani inarudisha hatua moja nyuma. Inarudisha mpangilio wote wa kiwandani. Simu ikikataa kuondoa kigae na kusema unahitaji angalau vigae 4, ongeza kingine kwanza.

Dalili ya 2: Ukivuta, zinakuja arifa tu bila vigae, au hakuna kinachoshuka

Kama zinashuka arifa peke yake, tatizo ni upande unaovutia. Simu nyingi za sasa zimegawa juu ya skrini sehemu mbili: ukivuta kutoka kushoto au katikati unapata arifa, ukivuta kutoka kona ya kulia unapata vigae. Samsung walileta mgawanyo huu na One UI 7, Xiaomi wanao tangu MIUI 12, na baadhi ya Tecno na Infinix zina mtindo huo huo. Jaribu kuvuta kona ya kulia kabla ya jambo lolote.

Kama hupendi mgawanyo huo, unaondoka. Kwenye Samsung ya One UI 7 vuta kona ya kulia, gusa penseli, ingia "Panel settings", chagua "Together". Kwenye simu nyingine nenda kwenye Mipangilio, utafute maneno "Control center" au "Notification style", uchague mtindo wa zamani. Kwa mtu anayeshika simu kwa mkono wa kushoto tunashauri kuunganisha, kwa kuwa kidole gumba cha kushoto hakifiki kona ya kulia kirahisi, na lengo lote la mvuto mmoja linapotea.

Kama hakuna kinachoshuka kabisa, anza na vitu vya nje. Kioo cha ulinzi kilichonyanyuka ukingo wa juu ndicho mshtakiwa wa kwanza, hasa Dodoma wakati wa kiangazi upepo unapopuliza vumbi. Vumbi linaingia chini ya ukingo, linatengeneza mstari mweupe, na skrini inaacha kuhisi kidole pale pale unapoanzia kuvuta. Kava lenye ukingo mnene nalo huzuia kidole kuanza juu kabisa. Vua kava, futa juu ya skrini kwa kitambaa kikavu, jaribu. Bado? Bandua kioo, jaribu tena. Ikikubali, kioo kipya kitatosha.

Ikikataa hata skrini ikiwa tupu, kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Ingia Mipangilio, kisha About phone, gusa "Build number" mara 7 ili kufungua Developer options. Ndani yake washa "Pointer location". Sasa kila unapopitisha kidole simu inachora mstari. Anzia katikati ya skrini, pandisha kidole taratibu hadi juu, kisha rudia kushoto na kulia. Mstari ukikatika mahali pale pale kila mara, sehemu hiyo ya skrini imekufa, na hakuna mpangilio utakaoifufua. Mstari ukifika juu bila kukatika, skrini ni nzima, tatizo ni programu: zima simu uiwashe, kisha toa launcher, yaani programu ya skrini ya mwanzo, au mandhari uliyopakua. Ukimaliza zima Pointer location, vinginevyo mistari itabaki kwenye skrini.

Simama hapa na umwone fundi kama skrini imeinuka kutoka kwenye fremu, kuna mwanya unaopitisha ukucha, au mgongo wa simu umetuna. Hiyo ni betri iliyovimba inayosukuma skrini. Usiibonyeze irudi, usiichaji, usiitoboe, na usiilaze juani kwenye dashibodi ya gari.

Dalili ya 3: Kigae cha hotspoti hakipo hata kwenye orodha ya kuongeza

Kabla ya yote ingia Mipangilio, tafuta Hotspot, uiwashe kwa mkono mara moja. Kwenye mifumo iliyo karibu na wa Google kigae huongezwa chenyewe mara ya kwanza unapowasha hotspoti. Wengi tatizo lao huishia hapa.

Kama hata huko haipo, angalia umeingia kwa mtumiaji yupi. Ukiwa kwenye akaunti ya mgeni au mtumiaji wa pili wa simu, hotspoti hufichwa. Rudi kwa mwenye simu.

Sababu ya tatu ni simu ya ofisi. Simu inayosimamiwa na mwajiri inaweza kufungiwa hotspoti kwa sera, na utaona ujumbe kwamba msimamizi ameizuia. Hapo usihangaike na njia za kuzunguka, mwone afisa TEHAMA wa ofisi. Tusisahau na simu za mkopo: baadhi huja na programu ya mdai inayofunga baadhi ya mipangilio, na kuilazimisha kunaweza kuifunga simu nzima.

Dalili ya 4: Kigae cha hotspoti kipo lakini kimefifia, ukigusa hakiitiki

Kigae kilichofifia huwa kimeandika sababu yake chini ya jina, kwa herufi ndogo ambazo watu huziruka. Zisome.

Mara nyingi imeandikwa "Data Saver is on", yaani Kiokoa Data kimewashwa. Mwenye simu alikiwasha ili bando lisiishe, akasahau. Kiokoa Data kazi yake ni kuzuia programu kula data bila wewe kujua. Hotspoti, kwa upande mwingine, inaruhusu kompyuta nzima ile data hiyo hiyo, nayo kompyuta ikianza kusasisha Windows haimwulizi mtu. Kwa hiyo Android imezifanya zisiwake pamoja. Ingia Mipangilio, kisha Network & internet, kisha Data Saver, zima. Kigae kitapata rangi papo hapo. Kama unabadilisha mara kwa mara, weka na kigae cha Data Saver kwenye paneli, nafasi ya 5 au 6, usihangaike na menyu.

Ikiwa si hiyo, angalia alama ya ndege juu ya skrini. Hali ya ndegeni ikiwaka, hotspoti inafifia. Hili huwapata wanaoteleza kidole wakati wa kutafuta tochi gizani, na ni sababu nyingine ya kuisukuma Airplane mode mbali na vigae unavyovigusa sana.

Baadhi ya simu pia huzuia hotspoti Kiokoa Betri kikiwaka. Kizime, ujaribu tena. Simu ikiwa ya moto sana, mathalani imekaa juani pamoja na chaja, iweke kivulini bila kava kwa dakika 15 kabla ya kujaribu.

Dalili ya 5: Hotspoti inawaka, halafu unakuta imezimika

Hii si hitilafu. Simu huizima ikikosa kifaa kilichounganishwa kwa muda, mara nyingi dakika 10, ili kulinda betri. Shikilia kigae cha hotspoti kama sekunde moja, kitakupeleka moja kwa moja kwenye mipangilio yake. Tafuta "Turn off hotspot automatically", uizime. Samsung wanakupa kuchagua muda, au "Never". Ukichagua isijizime, zoea kuizima mwenyewe, maana redio ya hotspoti inakula chaji hata bila mtu kuunganishwa.

Na kama inawaka, kompyuta imeunganishwa, ila hakuna intaneti? Kwanza fungua tovuti kwenye simu yenyewe. Simu nayo isipofungua, tatizo ni bando au mtandao, kigae hakihusiki. Simu ikifungua na kompyuta ikagoma, zima VPN ya simu. Hatua ya mwisho ni APN, yaani mipangilio inayoiunganisha simu na data ya mtandao wako: kwenye sehemu ya APN type huenda hakuna `dun`, neno linaloruhusu kushea data kwa baadhi ya mitandao. Piga picha ya skrini ya APN ilivyo, kisha hariri isomeke:

```
default,supl,dun
```

Hifadhi, zima simu uiwashe. Isipokubali, rudisha ilivyokuwa kwa kutumia ile picha, uwapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako uwaulize kama laini yako inaruhusiwa kushea.

Dalili ya 6: Tochi imefifia, au inawaka na kuzimika

Tochi na kamera zinatumia taa moja. Kamera ikiishikilia, tochi haipati, na kigae kitaandika "Camera in use", yaani kamera inatumika. Tazama kona ya juu kulia ya skrini. Kwenye Android 12 na kuendelea, alama ya kijani pale ina maana kuna programu inayotumia kamera au maikrofoni sasa hivi. Vuta chini, iguse, itakutajia jina la programu. Kwa kawaida ni simu ya video ambayo haikukatwa vizuri, au programu ya kusoma misimbo ya QR iliyobaki nyuma. Ifunge kabisa, tochi itarudi. Programu za tochi za kupakua nazo hushikilia taa. Hazina kazi kwenye simu yenye kigae chake, ziondoe.

Sababu inayofuata ni chaji ndogo. Simu nyingi huzuia taa chaji ikikaribia kuisha, na kiwango kinatofautiana kwa kila simu. Kwa wanaoitegemea tochi usiku, simu ikianza kuonyesha onyo la chaji usisubiri mpaka uihitaji. Joto nalo huzima tochi baada ya dakika chache: taa yenyewe inatoa joto, na simu ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa suruali joto halina pa kwenda. Usiilaze taa juu ya kitambaa ikiwa inawaka.

Ukitaka kujua ni taa au ni programu, fungua kamera, weka flashi iwe On wala si Auto, upige picha ya ukuta. Flashi ikiwaka, taa ni nzima, na kilichobaki ni kuzima simu na kuiwasha. Isipowaka hata kwenye kamera na chaji ipo ya kutosha, taa au waya wake umekufa. Hapo mpelekee fundi. Kufuta simu yote kurudi kiwandani hakutaiwasha, utapoteza picha zako bure.

Dalili ya 7: Usinisumbue imewashwa lakini simu bado inaita, au imejiwasha yenyewe

Ikiita, angalia nani aliyepiga. Kwa mipangilio ya kiwandani ya simu nyingi, mtu mmoja akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 anapitishwa, kwa dhana kwamba ana dharura. Pia majina uliyoyawekea nyota yanapita, na kengele za kukuamsha zinaita. Shikilia kigae, ingia sehemu ya People, kisha Calls, zima "Allow repeat callers" kama hutaki. Kwa mtu anayekaa kwenye vikao virefu, wacha nyota za familia zipite na uzime hiyo ya kurudia. Anayekudai hela anajua kupiga mara mbili.

Ikijiwasha usiku, kuna ratiba. Ndani ya mipangilio hiyo hiyo ingia Schedules. Ile ya kulala kwenye simu nyingi imewekwa saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi. Simu huandika 22:00 na 07:00, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuweka saa ya Kiswahili kama ilivyo. Ukiandika 4:00 ukimaanisha saa 4 usiku, simu itanyamaza saa 10 alfajiri.

Kama kila ukigusa kigae kinakuuliza muda, si mvuto mmoja tena. Tafuta "Duration for Quick Settings", chagua "Until you turn off", au muda wa saa 1. Tunapendelea saa 1 kwa mawakala wa fedha na wenye maduka. Usinisumbue hunyamazisha pia ujumbe wa kuthibitisha malipo, na iliyosahaulika tangu asubuhi inaweza kukugharimu jioni, mteja akisema ametuma nawe hukusikia kitu.

Kwenye baadhi ya simu mpya, Pixel hasa, unaweza kukuta kigae cha Do Not Disturb kimemezwa na kigae kinachoitwa Modes. Weka Modes nafasi ile ile, utakigusa kisha uchague.

Dalili ya 8: Simu ikiwa imefungwa, tochi inafanya kazi, hotspoti inadai nenosiri

Hivi ndivyo inavyotakiwa. Tochi haimdhuru mtu. Mtandao ni jambo jingine, kwa kuwa mwizi akiweza kuzima intaneti bila kufungua simu, hutaifuatilia. Kwenye Samsung swichi yake ni "Lock network and security", ndani ya mipangilio ya kufunga skrini. Inaweza kuzimwa, ila tunashauri iachwe. Kugusa alama ya kidole kabla ya hotspoti kunachukua nusu sekunde.

Dalili ya 9: Unapanga, lakini mpangilio unarudi kama zamani

Anza na rahisi. Kwenye Samsung, je, uligusa Done? Je, simu ilisasishwa jana? Sasisho kubwa linaweza kupanga upya, na unalazimika kurudia mara moja tu. Kigae cha programu uliyoifuta nacho hutoweka, na vilivyo nyuma yake husogea mbele.

Ikirudi kila ukiwasha simu na huna programu ya mandhari, kuna njia ya kompyuta. Inahitaji adb, yaani programu ya kompyuta ya kuituma simu amri, kebo ya data, na USB debugging iliyowashwa ndani ya Developer options. Soma kwanza orodha iliyopo:

```
adb shell settings get secure sysui_qs_tiles
```

Kwa yule karani wa Mtumba, kabla hajapanga, jibu lingekuwa namna hii:

```
internet,bt,airplane,rotation,flashlight,dnd,battery,cast
```

Nakili jibu lako lote kwenye faili kabla ya kugusa chochote, ndiyo njia yako ya kurudi. Kisha andika orodha mpya kwa mpangilio unaoutaka:

```
adb shell "settings put secure sysui_qs_tiles 'flashlight,hotspot,dnd,internet,bt,airplane,rotation,battery,cast'"
```

Majina haya ni ya mfumo wa Google. Samsung na wengine wana majina yao, hata herufi kubwa na ndogo zina maana, kwa hiyo tumia yale uliyoyasoma kwenye simu yako. Kigae kikikosa kwenye orodha uliyosoma, kiongeze kwanza kwa penseli, usome tena, ndipo ujue jina lake. Jina lililokosewa halitaharibu simu, kigae hakitatokea tu. Xiaomi hukataa amri ya pili mpaka uwashe pia "USB debugging (Security settings)".

Ukimaliza zima USB debugging, hasa kama unachaji kwenye kompyuta za watu. Kwa simu ya ofisi au ya mkopo usifanye hatua hii kabisa. Na kama fundi anasema lazima simu "ifleshiwe" ili tochi ikae mbele, chukua simu yako, jaribu kwanza kupanga kwenye akaunti mpya ya mtumiaji wa pili. Mpangilio ukishika huko, kilichoharibika ni mipangilio ya akaunti yako, mfumo wa simu ni mzima.